Dakika Kumi za Mwisho: Barua kwa Wanafunzi Kuhusu Kukagua Majibu ya Sarufi

Wapendwa wanafunzi wa Kidato cha Nne,

Wiki ijayo mtafanya jaribio la sarufi lenye alama 40. Hizo ndizo alama zinazotengewa sehemu ya Matumizi ya Lugha katika Karatasi ya Pili ya Kiswahili ya KCSE. Karatasi hiyo nzima ina alama 80 na hufanywa kwa saa mbili na nusu. Nusu ya muda huo ni saa moja na robo, na ndio muda nitakaowapa. Tutaanza saa nne kamili asubuhi, tumalize saa tano na robo.

Katika barua hii nataka tuzungumzie dakika 10 tu kati ya hizo 75, yaani zile za mwisho. Ifikapo saa tano na dakika tano, acha kuandika majibu mapya, hata kama kuna swali ambalo bado unalitafakari. Kuanzia hapo kazi yako ni ukaguzi. Nimesahihisha karatasi nyingi za sarufi, na alama zinazoniuma zaidi ni zile zilizopotea kwa mambo ambayo mwanafunzi anayafahamu vizuri. Siku inayofuata ukimuuliza kwa mdomo, anakujibu sawasawa bila kusita.

Wengi wenu hukagua kwa kurudi swali la kwanza na kusoma majibu yote kutoka juu hadi chini. Njia hiyo haisaidii sana. Unapoisoma sentensi uliyoitunga mwenyewe dakika 20 zilizopita, akili hukuletea ulichokusudia kuandika, na jicho linapita juu ya kilichoandikwa. Kiambishi kilichokosewa kinasomeka kana kwamba ni sahihi. Mtu anayechambua mchele huinama akitafuta changarawe, wala hazihesabu punje. Nanyi kagueni hivyo: kila mnapopitia karatasi, tafuteni kosa la aina moja tu.

Nimegawa dakika hizo 10 katika sehemu nne. Ili tuone kazi yenyewe ikifanyika, nimetunga majibu ya mtahiniwa mmoja wa kubuni. Tutaipitia karatasi yake pamoja.

Dakika 2 za kwanza: soma maswali, acha majibu

Anza kwa kuigeuza karatasi. Angalia ukurasa wa nyuma, kisha uangalie kama kila swali lenye sehemu (i) na (ii) limejibiwa sehemu zote mbili. Ukikuta pengo, lijaze sasa, na hilo ndilo jibu jipya pekee ninaloliruhusu, maana jibu la kukisia laweza kupata alama ilhali nafasi tupu haina la kusahihishwa.

Baada ya hapo soma maagizo ya kila swali, na usiangalie jibu hadi umeyamaliza. Tafuta maagizo yanayobeba amri mbili. Katika karatasi ya mtahiniwa wetu kuna swali hili:

*Andika sentensi ifuatayo katika ukubwa wingi: Mzee alinunua kikapu na kisu kikali.*

Naye amejibu:

*Zee lilinunua kapu na jisu kali.*

Kazi ya ukubwa ameifanya vizuri. Mzee amekuwa zee, kikapu kimekuwa kapu, kisu kimekuwa jisu, na kitenzi kimefuata ngeli ya LI-YA. Lakini swali lilitaka ukubwa *na* wingi. Aliitekeleza amri ya kwanza, akaridhika, akasonga mbele. Jibu kamili ni hili:

*Mazee yalinunua makapu na majisu makali.*

Makosa ya namna hii hayaonekani kwa kusoma jibu, kwa sababu jibu lenyewe halina kasoro ya kisarufi. Yanaonekana tu pale unapolisoma swali upya na kuihesabu kila amri iliyomo. Vivyo hivyo kwa "kanusha katika wingi", kwa "tumia O-rejeshi tamati", na kwa "tunga sentensi moja kubainisha maana mbili". Mwanafunzi aliyeambiwa atumie O-rejeshi tamati akaandika *mwanafunzi anayesoma* ametumia O-rejeshi kweli, lakini si tamati. Ilitakiwa *mwanafunzi asomaye*.

Maswali ya kutunga sentensi nayo yakaguliwe hapa. Swali likisema, "Tunga sentensi ukitumia neno *haraka* kama nomino," rudi kwenye sentensi yako uulize neno hilo linafanya kazi gani. Mtahiniwa wetu ameandika *Juma alikimbia haraka*. Neno lipo, na sentensi ni nzuri, lakini hapo *haraka* linaeleza jinsi Juma alivyokimbia, kwa hivyo ni kielezi. Kama angeandika *Haraka yake ilimponza*, neno hilo lingekuwa nomino. Utalithibitisha kwa kuona kwamba limechukua kimilikishi *yake*, na kwamba kitenzi kinapatana nalo kwa kiambishi *i-*.

Dakika 4 zinazofuata: weka kidole kwenye kitenzi

Sehemu hii nimeipa muda mrefu kuliko nyingine kwa sababu kitenzi cha Kiswahili kina mengi ndani yake. Neno moja linabeba nafsi au ngeli, wakati, urejeshi, mtendwa na mnyambuliko. Herufi moja ikiteleza, jibu limeharibika.

Anzia swali la mwisho, urudi nyuma kuelekea la kwanza. Nasema hivyo kwa sababu mbili. Majibu ya mwisho ndiyo uliyoyaandika kwa pupa zaidi, kwa hivyo yanastahili kukaguliwa wakati bado una utulivu. Pili, ukienda kinyumenyume hutachukuliwa na mtiririko uleule uliokuwa nao ulipokuwa ukiandika.

Katika kila jibu weka kidole kwenye kitenzi, kisha ujiulize: nomino inayokitawala ni ipi, na iko katika ngeli gani? Usitazame umbo la nomino peke yake. *Kiongozi*, *kijana*, *kipofu* na *kifaru* zina sura ya KI-VI, lakini ni viumbe wenye uhai, na upatanisho wake ni wa A-WA. Tunasema *viongozi wamefika*, wala si *viongozi vimefika*. Nomino zinazoanza kwa *u-* au *w-* pia zinahitaji uangalifu. *Ukuta* wingi wake ni *kuta*, *ufa* ni *nyufa*, *wimbo* ni *nyimbo*, *ulimi* ni *ndimi*, na zote hizo zinachukua *zi-* katika wingi. *Ugonjwa* huwa *magonjwa*, nayo yanachukua *ya-*. Ukiandika *magonjwa zimeenea*, kidole kikiwa kwenye *zimeenea* na swali likiwa kichwani, utalinasa kosa hilo mara moja.

Kutoka kwenye upatanisho, tafuta *amba-*. Popote ulipoandika *ambaye*, *ambacho*, *ambazo* na nduguze, angalia kitenzi kinachofuata. Mtahiniwa wetu aliambiwa aunganishe sentensi mbili kwa kutumia *amba-*: *Kiongozi alichaguliwa jana. Kiongozi ameahidi kujenga kituo.* Akaandika:

*Kiongozi ambaye aliyechaguliwa jana ameahidi kujenga kituo.*

Urejeshi umeingia mara mbili, kwanza katika *ambaye*, kisha katika *-ye-* ya *aliyechaguliwa*. Mmoja unatosha. Kwa kuwa swali limetaka *amba-*, kinachotolewa ni kile kilicho ndani ya kitenzi, tubaki na *Kiongozi ambaye alichaguliwa jana ameahidi kujenga kituo*. Kosa hili huzaliwa katika mazungumzo ya kila siku, ambako watu wengi hurudia urejeshi bila kutambua. Ndiyo maana sikio lako halitakuonya. Usilitegemee sikio hapa. Tafuta kwa jicho: *amba-*, kitenzi, basi.

Lililobaki katika sehemu hii ni ukanushaji. Hapa kuna mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, je, vitenzi vyote vilivyopaswa kukanushwa vimekanushwa? Pili, kama kuna kitenzi cha silabi moja, je, *ku* imekaa pahali pake? Swali la mtahiniwa wetu lilikuwa hili:

*Kanusha: Mgeni amekula na kuondoka.*

Jibu lake:

*Mgeni hajakula na kuondoka.*

Makosa ni mawili katika maneno manne. Kitenzi *la* kina silabi moja, na *ku* iliyo katika *amekula* hushikilia tu mzizi huo mfupi. Wakati wa *-me-* ukikanushwa kwa *-ja-*, *ku* hiyo huondoka: *hajala*, *hajanywa*, *hajafa*. Nisikilizeni hapa, kwa maana wengi huchanganya na *hakula*. *Ku* ya *hakula* ina kazi nyingine. Ni alama ya ukanushi wa wakati uliopita, kama ilivyo katika *hakusoma*, na haiwezi kuondolewa. Wakati ujao nao unaihifadhi *ku* ya mzizi, tunasema *hatakula*. Kwa hivyo ukikuta kitenzi cha silabi moja katika jibu la ukanushi, jiulize kwanza ni wakati gani, ndipo uiache au uiondoe *ku*.

Kosa la pili ni *na*. Sentensi ya mwanzo ina vitendo viwili, kula na kuondoka. Mtahiniwa amekanusha cha kwanza, cha pili akakiacha kikiwa kimeunganishwa kwa *na*. Panapokanushwa vitendo vyote viwili, kiunganishi tunachotumia ni *wala*: *Mgeni hajala wala kuondoka*, au *Mgeni hajala wala hajaondoka*. Tabia hiyohiyo ya kusahau nusu ya pili hujitokeza katika sentensi za masharti. *Akisoma atafaulu* hukanushwa kuwa *Asiposoma hatafaulu*. Ukiona jibu lako lina *asiposoma* upande mmoja na *atafaulu* upande wa pili, kazi yako imeishia nusu ya njia.

Dakika 3: majibu yanayokaguliwa kwa kuhesabu

Kuna maswali matatu ambayo ukaguzi wake hauhitaji kufikiri sana, unahitaji kuhesabu tu. Nimeyaweka hapa kwa sababu kufikia wakati huu umechoka, na kuhesabu ni kazi anayoiweza hata aliyechoka.

La kwanza ni uchanganuzi wa sentensi. Iwe umetumia jedwali, matawi au mishale, hesabu maneno ya sentensi uliyopewa, halafu uhesabu maneno yaliyo katika jibu lako. Mtahiniwa wetu alipewa *Wanafunzi wawili hodari walisoma kitabu kipya maktabani*. Hayo ni maneno 7. Safu ya chini ya jedwali lake ina maneno 6. Tukiisoma kutoka kushoto kwenda kulia tunapata *Wanafunzi, wawili, walisoma, kitabu, kipya, maktabani*. *Hodari* halipo. Alilijua kuwa ni kivumishi, kama alivyojua kuwa *wawili* ni kivumishi, ila alipokuwa akichora mistari alilisahau.

Idadi ikilingana, panda safu moja juu. Kila neno liwe na alama yake: N kwa nomino, V kwa kivumishi, T kwa kitenzi, E kwa kielezi. Kisha panda tena uangalie KN na KT. Katika sentensi hii, KN ya kwanza ina *Wanafunzi wawili hodari*. Kila kilichobaki, kuanzia *walisoma* hadi *maktabani*, ni KT, na ndani yake *kitabu kipya* ni KN nyingine. Mwisho kabisa tazama juu ya jedwali: je, S ipo? Wapo wanaochora jedwali zuri wakaisahau S.

Swali la pili la kuhesabu ni uakifishaji. Tuseme ulipewa: *lo umefika lini kisumu juma aliuliza*. Jibu lako liwe:

*"Lo! Umefika lini Kisumu?" Juma aliuliza.*

Kagua kwanza vitu vinavyokuja viwili viwili. Alama za usemi zikifunguliwa lazima zifungwe, na mabano vilevile. Kisha kagua miisho: kihisishi baada ya *Lo*, kiulizi baada ya *Kisumu*, nukta baada ya *aliuliza*. Malizia na herufi kubwa. Sentensi hii ina nne. *Lo* na *Umefika* zinaanza sentensi, *Kisumu* ni jina la mahali na *Juma* ni jina la mtu. Nukta ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi, kwa kuwa mwandishi alikuwa na haraka ya kwenda swali linalofuata.

La tatu ni usemi wa taarifa. Hapa kuna vituo vinne, navyo ni alama za usemi, nafsi, wakati wa kitenzi, na maneno yanayoonyesha mahali, siku au kitu kilicho karibu na msemaji. Mtahiniwa wetu alipewa:

*"Nitawaletea vitabu hivi kesho," mwalimu alituambia.*

Akaandika:

*Mwalimu alituambia kwamba angetuletea vitabu hivi siku iliyofuata.*

Tupite kituo kwa kituo. Alama za usemi zimeondolewa na *kwamba* imeingia. Nafsi zimebadilika sawasawa, *ni-* imekuwa *a-* na *-wa-* imekuwa *-tu-*. Wakati wa *-ta-* umekuwa *-nge-*. Katika kituo cha nne *kesho* imekuwa *siku iliyofuata*, lakini *hivi* imebaki vilevile. Mwalimu alisema *hivi* kwa sababu vitabu vilikuwa karibu naye. Sisi tunaoripoti hatuko pale tena, kwa hivyo tunasema *hivyo*. Maneno madogo ya aina ya *hivi*, *huyu*, *hapa*, *leo* na *sasa* hupita bila kuonwa kwa sababu jicho linavutwa na kitenzi kirefu. Ukivihesabu vituo vinne kwa vidole, kimoja kikikosa jibu, utajua pa kutafuta.

Dakika ya mwisho: kubadilisha na kutobadilisha

Sasa nafika mahali ambapo ukaguzi wenyewe waweza kukuponza. Muda ukikaribia kwisha, wasiwasi hupanda, na mkono huanza kufuta majibu yaliyokuwa sahihi. Mtahiniwa wetu aliulizwa aandike katika wingi *Ufunguo wa mlango huu umepotea*. Alikuwa amejibu:

*Funguo za milango hii zimepotea.*

Jibu hilo ni sahihi kabisa. Lakini alipolirudia, jicho lake likakwama kwenye *hii*. Akakumbuka *nyumba hii*, *kalamu hii*, *meza hii*, zote za umoja. Akajiambia kwamba ikiwa sentensi iko katika wingi, basi *hii* ni kosa, na inapaswa kuwa *hizi*. Akaifuta, akaandika *milango hizi*. Alama aliyokuwa ameipata akaipoteza kwa mkono wake mwenyewe.

Chanzo cha kosa hilo ni kwamba *hii* inatumika katika ngeli zaidi ya moja. Katika I-ZI ni ya umoja, *nyumba hii*, na wingi wake ni *nyumba hizi*. Katika U-I ni ya wingi: *mlango huu, milango hii*. Kiunganifu *ya* nacho kina tabia hiyo, maana tunasema *nyumba ya* katika umoja, *milango ya* na *magari ya* katika wingi. Sura ya neno peke yake haikuambii kama ni umoja au wingi. Ngeli ya nomino ndiyo inayoamua.

Kwa hivyo nawapa sharti moja la kubadilisha jibu. Badilisha pale tu unapoweza kuitaja kanuni iliyovunjwa, kwa maneno kamili, kimoyomoyo. "*Hajakula* si sahihi kwa sababu *ku* ya mzizi huondoka baada ya *-ja-*." Hiyo ni kanuni, badilisha. "*Ambaye aliyechaguliwa* si sahihi kwa sababu urejeshi umerudiwa." Hiyo pia ni kanuni, badilisha. Lakini ukijisikia unasema tu, "*hii* inanikalia vibaya," hujataja kanuni yoyote. Iache. Mtahiniwa wetu angejiuliza *mlango* uko katika ngeli gani, angejibu U-I, na hapo hapo angeona kwamba wingi wa *huu* ni *hii*.

Ukiamua kubadilisha, piga mstari mmoja ulionyooka juu ya kosa, uandike neno jipya kando au juu yake kwa hati inayosomeka. Usiandike herufi juu ya herufi. Katika insha msahihishaji aweza kulielewa neno lililovurugika kwa kusoma yaliyolizunguka. Katika sarufi mara nyingi herufi hiyo moja ndiyo jibu lenyewe. Tofauti ya *hiyo* na *hayo*, au ya *pikia* na *pikwa*, iko katika herufi moja, na *i* iliyoandikwa juu ya *a* haisomeki kuwa yoyote kati ya hizo. Vilevile usiache majibu mawili yakiwa yamesimama sambamba ukitumaini kuwa msahihishaji atachagua lililo sahihi. Kuchagua ni kazi yako, na sehemu ya kinachopimwa ni hiyo.

Ukaguzi unaanza kabla ya siku ya jaribio

Kabla ya wiki ijayo nataka kila mmoja wenu achukue karatasi yake ya jaribio lililopita, ile niliyoisahihisha kwa kalamu nyekundu. Chora safu tatu katika daftari. Safu ya kwanza andika kila kosa ambalo ulipoliona tu ulijua jibu lake. Ya pili, makosa ambayo ulihitaji kukumbushwa kidogo. Ya tatu, yale ambayo mpaka sasa huyaelewi.

Dakika 10 za ukaguzi zinaokoa alama za safu ya kwanza, na baadhi ya zile za safu ya pili. Za safu ya tatu haziwezi kuzigusa. Kama hujui ngeli ya nomino fulani, kuikazia macho kwa dakika tano hakutakufundisha, na muda huo utakuwa umeuchukua kutoka kwa majibu ambayo ungeweza kuyarekebisha. Ukikutana na swali kama hilo wakati wa ukaguzi, lipite. Makosa ya safu ya tatu tunayashughulikia darasani. Nileteeni Ijumaa, tuyapange kwa mada na kuyafundisha upya kabla ya jaribio.

Kisha itazame tena safu ya kwanza uone ni kosa gani limejirudia zaidi. Kwa mmoja litakuwa *amba-* iliyofuatwa na urejeshi mwingine. Kwa mwingine ni nukta ya mwisho, au amri ya pili iliyosahauliwa. Chagua mawili yanayokusumbua zaidi, uyashike kichwani. Siku ya jaribio, katika zile dakika 2 za maagizo, zile 4 za kitenzi na zile 3 za kuhesabu, hayo mawili ndiyo utakayoyatafuta kwanza. Mwenzako ana yake, wala msibadilishane.

Fanyeni zoezi moja nyumbani mkiwa na saa mezani. Chukua maswali 10 ya sarufi, uyajibu kwa dakika 20, halafu uweke kalamu chini na kukagua kwa dakika 3 kwa mpangilio huu: maagizo, vitenzi, kuhesabu, na mwisho kubadilisha. Kila unapobadilisha jibu, andika pembeni kwa penseli kanuni uliyoitumia. Ukimaliza, linganisha na majibu sahihi. Kama mabadiliko yako mengi yamekuwa ya kuharibu, maana yake unabadilisha kwa wasiwasi, na sharti la kutaja kanuni hujalishika bado. Kama umebadilisha machache na yote yamefaa, uko tayari.

Siku ya jaribio nitaandika saa ubaoni mara mbili tu. Mara ya kwanza itakuwa saa tano na dakika tano, na hapo mkono wa kila mtu uache kuandika majibu mapya, macho yarudi kwenye maswali. Mara ya pili itakuwa saa tano na dakika kumi na nne, imebaki dakika moja. Wakati huo mstari wa mwisho uwe umeshapigwa, kila jibu liwe moja tu, na jina na nambari yako viwe juu ya karatasi.

Mwalimu wenu wa Kiswahili